Chati nyekundu, mrundikano unaopungua: kisa cha timu moja ya programu Kampala

Jina la kampuni, wateja wake na watu waliohusika yameondolewa, na alama ya mradi iliyomo kwenye mistari ya utafutaji nimeibadilisha.

Usuli

Kampuni inatengeneza mfumo wa vyama vya akiba na mikopo. Wateja wake wengi ni vyama vya wakulima na vya waendesha boda boda, baadhi vikiwa mbali na Kampala. Timu ina wahandisi wa programu 7, wapimaji 2, na dawati la huduma kwa wateja linalopokea simu kutoka vyamani. Waganda ndio wengi, lakini yupo Mtanzania mmoja na Wakenya wawili, basi vikao huendeshwa kwa Kiswahili, na Kiganda huingia pale mambo yanapopamba moto.

Kila hitilafu huandikwa kama tiketi kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu. Kisa kilipoanza, timu ilikuwa imetoka kuzindua huduma ya kuangalia salio na kuomba mkopo kwa njia ya USSD, ili mwanachama asiye na simu janja naye ahudumiwe. Wiki za mwanzo za uzinduzi zilileta tiketi nyingi: salio lililochelewa kubadilika baada ya malipo ya simu, menyu iliyokatika katikati, ujumbe uliofika mara mbili.

Meneja wa bidhaa alitakiwa kuieleza bodi jambo moja tu: je, hitilafu zilizobaki zinaongezeka au zinapungua? Akafungua chati ya Jira iitwayo Created vs Resolved, akachagua siku 84 zilizopita, kwa wiki, na sehemu ya Cumulative Totals akaiweka Yes. Chati hiyo ina mistari miwili. Mwekundu unajumlisha tiketi zilizofunguliwa tangu mwanzo wa kipindi, wa kijani unajumlisha zilizotatuliwa. Pale mwekundu unapokuwa juu, nafasi iliyo kati yao hupakwa rangi nyekundu, na wa kijani ukiwa juu hupakwa kijani.

Alichokiona ni eneo jekundu kuanzia wiki ya kwanza hadi ya 12, nalo likizidi kupanuka kadiri macho yanavyokwenda kulia. Zilizofunguliwa zilikuwa 216, zilizotatuliwa 150. Pengo la 66.

Kilichotokea

Meneja aliitisha kikao Jumatatu asubuhi na kupendekeza kazi zote mpya zisimamishwe kwa wiki 6, timu nzima ishughulikie hitilafu peke yake. Pendekezo lilikuwa na mantiki. Hitilafu 66 zaidi ndani ya miezi mitatu kwa timu ya wahandisi 7 si jambo la kupuuzwa, na chati haikuonyesha dalili yoyote ya hali kutulia.

Mhandisi kiongozi akapinga. Alisema tangu wiki ya 6 wahandisi wawili wamekuwa wakipokezana zamu ya hitilafu tu, na kwa anavyoona mzigo umepungua. Meneja akamjibu kwa upole, "Kaka, mimi nakuonyesha chati, wewe unanipa hisia." Kikao kingeishia hapo kama mpimaji mmoja asingeuliza kwa nini ubao wake wa kazi una tiketi 135 ambazo hazijafika safu ya mwisho, ilhali kichujio cha meneja, yaani utafutaji wake kwenye Jira, kinasema zilizo wazi ni 206.

Swali hilo ndilo lililogeuza kisa. Ikakubaliwa uamuzi usubiri wiki moja, tofauti hiyo ya 71 ipatiwe maelezo kwanza.

Jambo la kwanza lililofanyika ni kuangalia kama hesabu ya chati inafunga. Tiketi zilizokuwa wazi siku ya kwanza ya kipindi hupatikana hivi:

```
project = MKP AND issuetype = Bug AND created < -84d
AND (resolution IS EMPTY OR resolved >= -84d)
```

Jibu lilikuwa 140. Ukijumlisha 216 zilizofunguliwa na kutoa 150 zilizotatuliwa unapata 206, namba ileile ya meneja. Kwa hiyo chati haikuwa imekosea kujumlisha. Hapa ndipo wengi wangeridhika na kumwambia mpimaji kwamba ubao wake ndio wenye kasoro. Lakini hesabu hiyo ingefunga hata kama chanzo chake kimepotoka, kwa sababu namba tatu kati ya hizo nne, yaani 140, 150 na 206, zinatoka kwenye kisima kimoja: sehemu ya tiketi iitwayo Resolution.

Katika Jira, hali ya tiketi na utatuzi wake ni vitu viwili tofauti. Tiketi inaweza kukaa kwenye hali ya Done, imepakwa kijani, imetoka kwenye ubao, mteja ameshashukuru, na bado sehemu ya Resolution ikawa tupu. Chati hii haiangalii hali hata kidogo. Inaangalia tarehe ambayo Resolution ilijazwa. Kama haikujazwa, tiketi hiyo kwa chati ni deni. Basi timu ikatafuta zilizokwisha ambazo hazina utatuzi:

```
project = MKP AND issuetype = Bug
AND statusCategory = Done AND resolution IS EMPTY
```

Zikatoka 71 kamili.

Chanzo kilipatikana siku hiyohiyo. Muda mfupi kabla ya uzinduzi, dawati la huduma liliomba njia yake ya kufunga tiketi mteja anapothibitisha kwamba tatizo limekwisha. Msimamizi wa Jira akaongeza njia hiyo kwenye mtiririko wa kazi. Njia ya zamani, inayotumiwa na wahandisi, ilikuwa na kanuni inayojaza Resolution tiketi inapopita. Njia mpya haikuwa nayo. Tiketi zote zilizofungwa na dawati zilikuwa zinaishia Done bila utatuzi, na kadiri dawati lilivyofanya kazi kwa bidii ndivyo chati ilivyozidi kuwa nyekundu.

Walitafuta na kosa la upande wa pili, yaani tiketi ambazo bado zinafanyiwa kazi lakini zina Resolution iliyojazwa. Hilo hutokea tiketi inapofunguliwa upya bila utatuzi wa zamani kufutwa, na hapo chati hudanganya kwa kupendeza. Utafutaji wa `statusCategory != Done AND resolution IS NOT EMPTY` haukuleta kitu. Njia yao ya kufungua upya ilikuwa inafuta Resolution ipasavyo.

Chati halisi ilikuwa inasema nini

Kabla ya kusahihisha chochote, mpimaji alitoa orodha ya zile 71 na kuangalia kwenye historia ya kila moja siku iliyoingia Done. Kazi ya mchana mmoja, na ya kuchosha. Ikaonekana 13 zilifungwa kabla ya kipindi cha siku 84 kuanza, na 58 zilifungwa ndani yake. Kati ya hizo 58, wiki 5 za mwanzo zilikuwa na 23, na wiki 7 za mwisho zilikuwa na 35.

Kwa marekebisho hayo picha ikawa hivi. Mwanzo wa kipindi palikuwa na hitilafu 127 wazi, si 140. Zilizotatuliwa zilikuwa 208, si 150. Mwisho wa kipindi zilibaki 135, sawasawa na ubao wa mpimaji. Mrundikano uliongezeka kwa 8 katika wiki 12, wala si kwa 66.

Hata hiyo 8 haisemi kila kitu. Ukigawa kipindi mara mbili, wiki 5 za mwanzo zilifunguliwa tiketi 120 na kutatuliwa 93, kwa hiyo mrundikano ulipanda kwa 27 na kufika 154. Wiki 7 zilizofuata zilifunguliwa 96 na kutatuliwa 115, ukashuka kwa 19. Mhandisi kiongozi alikuwa sahihi. Mrundikano ulikuwa unapungua kwa karibu miezi miwili.

Sasa angalia chati iliyosahihishwa ingeonekana vipi kwa jicho la haraka: nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pengo lingefika 27 wiki ya 5, kisha lingesinyaa polepole hadi 8 wiki ya 12, lakini mstari mwekundu usingewahi kushuka chini ya wa kijani, na rangi isingebadilika. Mtu anayesoma rangi angesema mrundikano unaongezeka. Anayesoma upana wa pengo angesema unapungua tangu wiki ya 6.

Nadhani hili ndilo kosa la kawaida zaidi katika kusoma chati hii, na halitokani na data mbovu. Chati ya jumla huanza na sifuri siku ya kwanza ya kipindi ulichochagua. Haijui ulikuwa na hitilafu ngapi kabla ya hapo. Rangi inajibu swali moja tu: leo tuko juu au chini ya tulipokuwa siku ile? Swali la meneja, kama zinaongezeka au zinapungua sasa, linajibiwa na mwelekeo wa mistari. Ikiwa inaachana, mrundikano unakua. Ikiwa inakaribiana, unapungua. Ikiwa inakwenda sambamba, haukui wala haupungui, hata kama kati yake pamejaa wekundu.

Ndiyo maana pia ukibadilisha urefu wa kipindi rangi inaweza kugeuka bila tiketi hata moja kuguswa. Data hiyohiyo iliyosahihishwa, ukichagua siku 49 badala ya 84, inaanzia kileleni, kwenye 154, na hesabu inaisha kijani kwa tofauti ya 19. Picha mbili zinazopingana, na zote mbili ni kweli. Mtu akikuletea picha ya chati hii bila kukutajia kipindi, mwulize kipindi kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutosimamisha kazi mpya. Zamu ya wahandisi wawili ilikuwa inatosha, na kuwaongeza wengine watano kungechelewesha moduli ya mikopo ya msimu ambayo vyama vya wakulima viliahidiwa. Meneja alikubali, ila kwa sharti kwamba mwelekeo uangaliwe kila wiki.

Wa pili ulihusu njia ya dawati. Msimamizi alipendekeza sehemu ya Resolution iwekwe kwenye fomu ya kuhariri tiketi, kila mtu aijaze mwenyewe. Pendekezo likakataliwa, na kwa haki: sehemu hiyo ikiwa kwenye fomu ya kawaida, mtu anayerekebisha maelezo tu anaweza kuijaza bila kukusudia, na tiketi iliyo wazi ikahesabiwa imetatuliwa. Badala yake njia ya dawati iliongezewa kanuni kama ile ya wahandisi.

Wa tatu ulikuwa kusahihisha zile 71 kwa mkupuo. Ulifanyika Alhamisi ya wiki ya 13, na ndio uliozaa sura ya pili ya kisa.

Matokeo, na kijani cha uongo

Jira inapojaza Resolution huandika tarehe ya siku ile iliyojazwa. Haiendi nyuma kutafuta siku ambayo kazi iliisha kweli. Kwa hiyo tiketi zote 71, hata zile zilizofungwa miezi mitatu nyuma, zilihesabiwa kuwa zimetatuliwa Alhamisi hiyo.

Wiki ya 13 zilifunguliwa tiketi 14 na kutatuliwa kweli 17. Chati ikaonyesha 88. Kipindi cha wiki 12 nacho kilikuwa kimesogea mbele na kuiacha nje wiki ya kwanza, yenye tiketi 26 zilizofunguliwa na 12 zilizoonekana kutatuliwa. Hesabu mpya ya chati ikawa 204 zilizofunguliwa dhidi ya 226 zilizotatuliwa. Mstari wa kijani ukaruka kama mwindaji aliyekanyaga nyoka, ukapita juu ya mwekundu, na chati iliyokuwa nyekundu tupu ikaishia kijani kwa tofauti ya 22.

Mjumbe mmoja wa bodi, ambaye alikuwa na ruhusa ya kuiona chati mwenyewe, akaipiga picha na kuisambaza kwa wenzake akiipongeza timu. Ikambidi meneja awaeleze watu waliokwisha kufurahi kwamba punguzo halisi la kipindi hicho ni 5. Wiki hiyo ya kwanza iliyoachwa nje ilikuwa na tiketi 4 zilizofungwa na dawati bila utatuzi. Ukiziongeza kwenye zile 13 za kabla ya kipindi unapata 17, nayo ndiyo tofauti yote kati ya 22 na 5. Zilizobaki wazi zilikuwa 132, na hapo angalau ubao na kichujio vilikubaliana kwa mara ya kwanza.

Kwa wiki 12 zilizofuata, yaani hadi kilele kile cha uongo cha wiki ya 13 kilipotoka nje ya kipindi, timu ilitunza jedwali dogo pembeni lenye safu tatu: zilizofunguliwa, zilizotatuliwa kwa tarehe halisi, na zilizobaki wazi Ijumaa jioni. Safu ya tatu ndiyo iliyopelekwa kwa bodi.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi ya wiki 6 kilikuwa namba mbili zilizotoka vyanzo viwili. Ubao unahesabu kwa hali ya tiketi, kichujio kwa utatuzi. Mradi wenye mtiririko mzuri hauna sababu ya namba hizo kutofautiana, na zinapotofautiana ukubwa wa tofauti unakupa orodha ya kuanzia. Ningemshauri yeyote anayesoma chati hii afanye ulinganisho huo kabla ya kuitazama rangi. Huchukua dakika mbili.

Orodha ya 71 kutolewa kabla ya marekebisho ilikuwa busara. Historia ya kila tiketi ingebaki ndani ya Jira hata baadaye, lakini kuzitafuta tiketi hizo baada ya kuchanganyika na nyingine zilizotatuliwa wiki hiyo kungekuwa kazi nyingine kabisa. Kilichokosekana ni taarifa kwa wanaoiona chati kabla ya Alhamisi ile. Sentensi mbili zingetosha.

Kuna jambo ambalo chati haikulificha wala kulionyesha. Kati ya tiketi 115 zilizotatuliwa wiki 7 za mwisho, 9 zilifungwa kwa alama ya Duplicate, nazo zote zilifunguliwa katika zile wiki 5 za mwanzo, chama baada ya chama kikiripoti salio lilelile lililochelewa. Kwa chati, nakala ni tiketi kamili inapofunguliwa na ushindi kamili inapofungwa. Ukiziondoa pande zote mbili, mpando wa mwanzo unakuwa 18 badala ya 27, na mteremko uliofuata 10 badala ya 19. Mwelekeo haukubadilika, lakini kasi ya timu ilikuwa karibu nusu ya ilivyoonekana, na hilo lilipaswa kutajwa kwa bodi tangu mwanzo.

Tahadhari nyingine ni kwamba chati hii haitunzi kumbukumbu. Tiketi iliyotatuliwa wiki ya 3 ikifunguliwa upya wiki ya 10, Resolution yake inafutwa pamoja na tarehe, na chati inaiondoa wiki ya 3 kana kwamba haikuwahi kutatuliwa. Ndivyo ripoti ya mwezi uliopita inavyoweza kukataa kulingana na chati ya leo ya mwezi huohuo bila mtu yeyote kuharibu kitu. Atakayetaka kulinganisha aiandike namba pembeni siku anayoisoma.

Baada ya kilele kutoka nje ya kipindi, meneja alirudi kwenye chati yake na kuongeza pembeni ripoti ya Average Age, inayoonyesha wastani wa umri wa tiketi zisizotatuliwa. Mrundikano ulikuwa unaendelea kushuka taratibu. Umri wa wastani ulikuwa unapanda: zamu ya hitilafu ilikuwa inamaliza zilizoingia juzi, na zile za zamani za ripoti za mwisho wa mwaka zilikuwa bado hazina mwenyewe. Mhandisi kiongozi ameomba siku moja kwa wiki kwa ajili ya hizo.